Kutyuni udi na kuipata sauti pasipo freti: mwongozo kamili kwa maqamu ya Bayati

Shingo ya gita ina freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza chini ya nyuzi. Mpigaji hata akibonyeza kwa uzembe, chuma humrekebishia. Shingo ya udi ni laini tupu. Kidole kikikosea milimita tatu, sauti nayo inakosea, na msikilizaji anaisikia. Wapigaji hawabahatishi, wala hawaangalii shingo. Wanajua umbali, wana nyuzi wazi zinazowasahihisha, na mkono wao una umbo lisilobadilika. Mwongozo huu unachukua mambo hayo matatu hatua kwa hatua, kisha unayatumia kwenye noti nne za mwanzo za Bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kwa sababu humo imo noti moja ambayo gita wala kinanda hakina.

Udi tunaouzungumzia ni wa Kiarabu, wenye nyuzi kumi na moja: jozi tano na uzi mmoja mnene wa besi. Ndio uliozoeleka katika taarab ya Unguja na Mombasa. Sehemu ya uzi inayolia, kuanzia kizingiti kidogo cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi ukingo wa daraja ambapo nyuzi zimefungwa, mara nyingi ina sentimita 61 hivi. Udi wa Kituruki ni mfupi, karibu sentimita 58.5, na hutyuniwa juu zaidi kwa nyuzi zake maalumu. Usichanganye. Nyuzi zilizotengenezwa kwa sauti ya chini ukizikaza zifikie sauti ya juu, zitakatika, na zisipokatika zinaweza kulibandua daraja kutoka kwenye ubao.

Kabla ya jambo lolote, pima udi wako kwa utepe wa fundi cherehani na uandike urefu huo. Vipimo vyote hapa chini ni vya sentimita 61. Wako ukiwa tofauti, vigezo vikubwa ni rahisi kuvipata: robo ya urefu, theluthi yake, na nusu yake. Kwa udi wa 61, robo ni 15.25, theluthi ni 20.3, na nusu ni 30.5. Theluthi ndiyo ya kukumbuka kuliko zote, maana mafundi wengi huliweka hapo ungio la shingo na tumbo. Ukipitisha kidole gumba nyuma ya shingo ukagota pale tumbo linapoanzia, umefika theluthi bila kutazama.

Kutyuni nyuzi wazi

Mpangilio unaotumika sana, kutoka besi kwenda juu, ni huu: do, fa, la, re, sol, do. Kwenye programu ya kutyunia ya simu utasoma herufi:

```
C2  F2  A2  D3  G3  C4
```

Namba inaonyesha oktava. Iangalie kwa makini, kwa sababu simu inaweza kukuonyesha C ukafurahi kumbe uko oktava nzima chini au juu, na hapo ndipo nyuzi mpya zinapokatika.

Vigingi vya udi vimechongwa kwa umbo la kuchongoka na hushikiliwa na msuguano tu. Kwa hiyo kila unapozungusha, sukuma kigingi kwa ndani kidogo, huku mkono wa pili ukiegemeza upande wa pili wa kichwa. Kigingi kinachoteleza kitoe, kipake chaki kavu, kirudishe. Kinachokwama kisha kikaruka kipake sabuni kavu ya kipande. Wapigaji wengi huchanganya vyote viwili, sabuni kwanza kisha chaki. Ukisikia uzi unalia "tik" unapokaza na sauti inaruka badala ya kupanda taratibu, kosa haliko kwenye kigingi. Uzi unang'ang'ania ndani ya mfereji wa kizingiti. Paka mfereji huo unga wa penseli.

Ifikie noti kwa kupanda kila mara. Ukiipita, shuka mpaka chini yake kabisa ndipo upande tena. Uzi uliosimamishwa wakati wa kushuka huacha ulegevu nyuma ya kizingiti, na ukishapiga dakika tano sauti yenyewe hushuka.

Anza na jozi ya la. Tyuni uzi mmoja wa jozi kwa simu, huku mwenzake umeuzuia kwa kidole usilie. Kisha uachie wa pili, upige pamoja, na uutyuni kwa sikio, si kwa simu. Nyuzi mbili zinazokaribiana lakini hazijalingana hutoa sauti inayopepesuka: wa-wa-wa. La ya chini inatetema mara 110 kwa sekunde. Mwenzake ukiwa unatetema mara 111, utasikia mpepesuko mmoja kila sekunde. Kadiri unavyokaribia, ndivyo mpepesuko unavyozidi kuwa wa polepole, na zikilingana unakoma na jozi nzima inatulia kama uzi mmoja. Sikio linaitambua hali hiyo kwa uhakika kuliko mshale wa simu.

Ukishaipata la, nyuzi nyingine zote zinaweza kutoka humo. Gusa uzi wa la kwa wepesi, bila kuubonyeza, kwenye robo (15.25), piga, na uondoe kidole mara moja. Utasikia sauti nyembamba kama ya filimbi. Kisha gusa uzi wa re vivyo hivyo kwenye theluthi, pale shingo inapoungana na tumbo. Sauti hizo mbili nyembamba zinapaswa kuwa moja kabisa. Zikipepesuka, sogeza re, si la. Rudia: re kwenye robo dhidi ya sol kwenye theluthi, halafu sol kwenye robo dhidi ya do ya juu kwenye theluthi.

Fa inatoka kwenye do. Gusa fa kwenye theluthi, nayo italia sauti ileile ya do ya juu ikiwa wazi. Besi ya do iguse kwenye robo, nayo pia italia sawa na do ya juu. Filimbi hizi ni hafifu kwenye udi, hasa nyuzi zikichakaa, kwa hiyo piga karibu na daraja na uchague chumba kisicho na feni.

Ukimaliza, simu itaonyesha do iko chini kidogo, kama sehemu sita katika mia za nusu toni. Usishtuke wala usiisahihishe ukipiga peke yako au na fidla. Mwachano wa noti nne unaotyuniwa kwa sikio ni mwembamba kidogo kuliko ule wa kinanda, na tofauti imejikusanya mara tatu kutoka la hadi do. Ukipiga pamoja na akodiani au kinanda, hapo fuata simu kwa kila uzi, kwa sababu vyombo hivyo havisogei.

Nyuzi mpya za nailoni huvutika kwa siku kadhaa. Tyuni, piga, tyuni tena. Pwani, ubao hunywa unyevu usiku, na udi uliotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia ukumbi wenye joto hubadilika ndani ya robo saa. Upe muda huo kabla ya kutyuni kwa mara ya mwisho.

Kidole kinapima wapi hasa

Hapa ndipo wanaoanza hupotea, hata wale waliopima kwa rula. Kidole kina upana wa karibu sentimita moja na nusu. Sauti haitoki katikati yake. Inatoka kwenye ukingo wa ncha ya kidole unaoelekea daraja, kwa sababu uzi unaotetema unaanzia hapo. Unapoweka kidole kwenye kipimo, ukingo huo ndio ufike kwenye kipimo, na kidole chenyewe kibaki nyuma, upande wa vigingi.

Simamisha ncha ya kidole. Kikilala kwa nyama nyingi, kingo hazijulikani na uzi unalia kwa kufifia. Halafu angalia kama kidole kinakatiza jozi wima au kimeinama. Kikiinama, uzi mmoja wa jozi unabonyezwa mbele kuliko mwenzake. Milimita tatu za mwinamo, karibu na kichwa cha shingo, zinatofautisha nyuzi hizo mbili kwa sehemu kumi hivi katika mia za nusu toni, na jozi iliyokuwa imetulia ikiwa wazi inaanza kupepesuka. Kwa hiyo jozi yenyewe ni mwalimu: ikiwa wazi imetulia na ikibonyezwa inapepesuka, rekebisha mwinamo wa kidole kwanza. Ikiendelea kupepesuka hata kidole kikiwa wima, na vidole vyote vinafanya hivyo mahali mbalimbali, uzi mmoja umechakaa au una unene usio sawa. Badilisha jozi nzima.

Nyuzi zikiwa juu sana kutoka shingoni, kuubonyeza uzi kunauvuta, na sauti inapanda kuliko kipimo kinavyosema. Milimita mbili na nusu hadi tatu pale kwenye ungio la shingo na tumbo zinatosha. Zikizidi sana, mpelekee fundi. Wakati unasubiri, utajikuta unarudisha vidole nyuma kidogo kuliko vipimo vyangu, nawe utakuwa sahihi.

Vipimo vya Bayati

Bayati ya re inaanzia kwenye uzi wazi wa re, ambao wapigaji huuita duka. Noti zake nne za kwanza ni re, mi ya robo, fa, sol. Anayesikiliza kisomo cha Kurani cha tajwidi ameshaisikia mara nyingi, kwani wasomaji wengi huanza na kumaliza kwa Bayati. Mi ya robo, yaani sika, iko kati ya mi bemoli na mi ya kawaida. Kinanda hakina kibonye chake.

Kwenye uzi wa re wa sentimita 61, ukihesabu kutoka kizingiti:

mi bemoli – 3.4
sika – karibu 5.1
mi ya kawaida – 6.65
fa – 9.7
sol – 15.25

Vipimo hivi ni vya kuanzia. Visikufunge, kwa sababu sika haiko mahali pamoja katika maqamu zote. Katika Rast hukaa juu kidogo. Katika Bayati hukaa chini kidogo, hasa wimbo unaposhuka kuelekea re. Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo mwaka 1932 ulijadili kwa kirefu ngazi ya robo toni ishirini na nne zilizo sawa, na wapigaji mpaka leo wanaendelea kuiweka sika wanakoisikia. Hilo ni jambo ambalo shingo isiyo na freti inaliruhusu, na ndiyo sababu mojawapo ya udi kubaki hivyo.

Hatua za kuzipata noti nne

Kwanza, kaza besi kutoka do mpaka re, polepole. Wapigaji wengi huibadilisha besi kulingana na maqamu, na kwa Bayati ya re inakupa sauti ya chini ya kurudia. Besi ikishakazwa, pima tena nyuzi nyingine, maana mvuto umeongezeka na zinaweza kuwa zimeshuka kidogo.

Imba kabla ya kupiga. Piga re wazi, imba re, sol, halafu rudi re. Usichojua kukiimba, kidole hakitakipata ila kwa bahati.

Sasa sol. Bonyeza uzi wa re kwenye robo na ulinganishe na jozi ya sol ikiwa wazi. Ni sauti ileile, kwa hiyo mpepesuko unakuambia kila kitu. Sogeza kidole mpaka utulie. Fanya mara kumi, ukiuinua mkono na kuushusha gotini kila mara, ili mkono ujifunze kufika na si kubaki. Katika upigaji wenyewe utatumia sol wazi, lakini zoezi hili linaufundisha mkono mahali pa robo.

Fa inafuata. Kidole cha kati kwenye 9.7. Inapokuwa sahihi, jozi ya fa iliyo wazi, oktava moja chini, inaanza kulia yenyewe bila kuguswa. Piga fa, kisha zuia uzi wa re kwa haraka: ukisikia mwangwi wa fa umebaki ndani ya tumbo la udi, umeipata. Ukisikia kimya, uko pembeni. Mwitikio huu wa nyuzi wazi ndio freti ya mpigaji udi. Re, sol, la, fa na do zote zinaitikiwa mahali popote shingoni, na wazoefu wanazitambua kwa namna udi unavyochangamka chini ya mkono. Noti isiyo na mwenzake wazi inalia kavu zaidi.

Sika ni kavu namna hiyo. Haina uzi wazi wa kuiitikia, kwa hiyo inatafutwa kwa jirani zake. Kidole cha shahada kiweke kwenye mi ya kawaida, 6.65, na upige pamoja na uzi wazi wa la. Mi na la zikilingana zinatulia kwa utamu ulio wazi. Hapo umeshika mpaka wa juu. Sasa rudisha kidole kuelekea vigingi kama sentimita moja na nusu, ufike 5.1. Piga re, sika, fa, sika, re. Mruko wa re hadi sika na wa sika hadi fa unapaswa kukusikika kama hatua mbili za ukubwa unaokaribiana. Ikisikika kama wimbo wa furaha wa shule, sika iko juu. Ikisikika yenye huzuni nzito kama ya maqamu ya Kurdi, umeshuka hadi karibu na mi bemoli.

Ukitaka kuthibitisha kwa simu, sika ya katikati itasomeka hivi:

```
E -50    (au  D# +50)
```

Kwa Bayati, jaribu kuishusha kwa milimita tatu zaidi, simu isome karibu `E -60`, kisha imba nayo. Milimita tatu mahali hapo ni sawa na sehemu kumi hivi katika mia za nusu toni. Ukisogea kwenye nusu ya uzi, sehemu kumi zilezile zinakaa ndani ya milimita mbili zisizotimia, ndiyo maana kosa lililo dogo karibu na kizingiti linakuwa kubwa karibu na nusu ya uzi.

Kuendelea hadi oktava ni uzi wa sol: sol wazi, la kwa kidole cha shahada kwenye 6.65, noti ya si bemoli kwa kidole cha kati kwenye 9.7, halafu do ya juu ikiwa wazi, na re kwa shahada kwenye 6.65 ya uzi huo. La ikiwa sahihi, jozi ya la ya chini inaitikia.

Umbo la mkono

Tazama kilichotokea. Kidole cha kati kimekaa 9.7 kwenye uzi wa re na 9.7 kwenye uzi wa sol. Hakikuhama. Kilichohama ni shahada: 5.1 kwa sika, 6.65 kwa la. Hilo ndilo umbo zima la Bayati katika mkao wa kwanza. Shikilia kidole cha kati kama nguzo, na uifundishe shahada mahali pawili, pa kujikunja na pa kujinyoosha. Kosa la kawaida sana ni shahada kubaki 5.1 mpigaji anapovuka kwenda uzi wa sol, na la inatoka chini kwa robo toni. Kosa la pili ni kinyume chake: mpigaji anaporudi, sika inatoka juu na Bayati inageuka kitu kingine. Fanya zoezi la noti mbili tu, sika na la, ukibadilisha nyuzi polepole mara ishirini, ukisikiliza mwitikio kwenye la na ukavu kwenye sika.

Gumba likae nyuma ya shingo karibu na usawa wa kidole cha kati, bila kukaba. Mkono unaokaba unavuta vidole vyote kuelekea kiganja, na jozi inabonyezwa kwa mwinamo. Udi ushikiliwe na paja na mkono wa kulia, si na kiganja cha kushoto, la sivyo kila unapohama udi mzima unahama nawe.

Alama za penseli ubavuni mwa shingo, upande unaouona, zinafaa kwa wiki mbili, kwenye robo na 9.7 tu. Usiweke alama ya sika. Unaitazama shingo kwa juu na pembeni, na alama huonekana mbali na ilipo kwa milimita kadhaa. Kwa sika, milimita hizo ndizo Bayati yenyewe.

Kumbuka pia kwamba sauti ya udi hufa haraka. Mpiga fidla akikosea anaweza kuteleza na kurekebisha huku upinde unaendelea. Wewe risha, kile kipande chembamba cha kupigia nyuzi, ikishaanguka, sauti imekwisha kutoka. Kidole kitangulie, risha ifuate. Kwenye mwendo wa pole, hesabu kwa sauti "weka, piga" na uache pumzi ndogo kati yake. Pumzi hiyo inafupika yenyewe kadiri mkono unavyozoea.

Ukikaa na kikundi chenye akodiani au kinanda kilichotyuniwa kwa noti kumi na mbili, sika yako itagongana na mi yao. Mwombe mwenye kinanda aiache mi wakati wa Bayati, au kama kinanda chake kinaruhusu, aishushe noti hiyo kwa robo toni. Vikishindikana vyote, hamia maqamu isiyo na robo toni, kama Kurdi au Nahawandi, kuliko kuitanua sika nusu njia ili kuwafikia. Sika iliyotanuliwa hivyo haikai Bayati wala haikai kinanda, na mwimbaji ndiye wa kwanza kutetereka.